Waragi na soda: unaandika kalori za nini?

Swali: "Nikinywa waragi toti mbili na soda, naandika waragi peke yake au na soda?"

Andika vyote, dada. Toti mbili za Uganda Waragi, yaani mililita 60 za kinywaji cha asilimia 40, ni kama kalori 130. Chupa ya kola ya mililita 300 ina karibu 125, kwa hiyo soda inakaribiana na pombe yenyewe. Shida iko kwenye kuongeza: unamimina kidogo kidogo, barafu inayeyuka, na glasi haikuonyeshi umekunywa soda kiasi gani. Angalia chupa mwishoni. Ikibaki nusu, andika 60 hivi. Ikiisha, andika yote.

Na wewe unayedhani toniki ni maji tu, soma lebo: ile ya kawaida ina sukari. Maji ya soda ndiyo sifuri. Juisi ya nanasi nayo si nafuu, na krimu nzito ndiyo balaa: mililita 30 ni karibu kalori 100, kuzidi toti moja ya waragi.

Na kaka uliyeuliza kalori za malwa, pombe ya ulezi ya kunywa pamoja, hiyo ni kesi nyingine. Chungu kimoja, mirija sita, nani atapima?