Limau usoni na jua la mchana

"Nina chunusi na madoa. Naosha kwa sabuni nyeusi, napaka limau, halafu mafuta ya nazi. Niongeze shea?"

Mdogo wangu, limau liache leo hii. Maji yake yakikauka usoni nawe ukatoka juani, ngozi inaungua. Kesho yake au keshokutwa inawaka moto, pengine inatoa malengelenge, kisha doa la kahawia linabaki miezi. Mimi nilibaki na mchirizi shavuni, pale pale tone lilipoteremka. Wanaosema lina vitamini C hawajakosea, ila limau linakuunguza kabla hujafaidi hiyo vitamini.

Nazi ipake miguuni. Kwenye uso wa chunusi huziba vinyweleo, utaona vipele vidogo vidogo kipajini.

Sabuni nyeusi hutengenezwa kwa majivu, kwa hiyo ni kali. Itoe povu viganjani, usisugue kipande usoni, tena jioni tu. Uso ukikaza baada ya kuosha, punguza siku.

Shea wengine huwatoa chunusi, wengine hapana. Paka kiasi cha punje ya dengu chini ya taya, wiki nzima, ndipo uamue.