Mirungi: stimu imekata, mbona usingizi hauji?

Shikamoo dokta. Kijiweni Ngamiani naanza mirungi saa kumi na mbili jioni, naacha saa tatu. Stimu inakata, lakini mpaka saa tisa usiku macho makavu. Kwa nini?

Marahaba. Stimu kukata si dawa kuisha. Kathinoni, ile kali ya jani bichi, hufika kileleni kwenye damu kama saa mbili baada ya kuanza kutafuna, halafu hushuka, ndipo unapooza. Mwenzake kathini ni dhaifu lakini hukawia mwilini. Ongeza kahawa na sigara za kijiweni, utalala saa ngapi? Anza alasiri, tema kabla ya magharibi, na kahawa iache.

Mume wangu usiku hagusi chakula, asubuhi analalamika choo kigumu. Nimpe dawa ya minyoo?

Hapana, mama. Mirungi huua njaa na kuchelewesha tumbo kujimwaga, na tanini zake hufunga choo. Mpe mlo kamili mchana kabla hajatoka, maji mengi, papai na mchicha.

Nina miaka 52, dawa za presha nameza kila siku. Mirungi nakula Ijumaa usiku tu, ila kliniki Jumamosi asubuhi nimekutwa na 165/100. Niongezewe dawa?

Bado. Mtu akitafuna, presha na mapigo ya moyo hupanda na kubaki juu kwa saa kadhaa, na wewe umeingia kliniki hujalala. Pima tena Alhamisi asubuhi: kaa dakika tano umetulia, hujanywa kahawa wala kuvuta sigara. Ikiwa 135/85, mkorofi ni Ijumaa yako. Ikibaki 160, dawa zenyewe haziitoshi presha yako, mwambie daktari. Usijiongezee vidonge.

Ila kwako sisemi punguza, nasema acha. Mirungi hubana mishipa inayolisha moyo wenyewe. Kifua kikikaza, maumivu yakienda mkono au taya, jasho baridi likikutoka, usisubiri stimu ishuke. Nenda hospitali ya Bombo upesi na useme umetafuna. Najua watu huficha kwa kuwa sheria yetu imeipiga marufuku, lakini daktari anakuchagulia dawa kwa jibu hilo.

Nikikosa siku moja nachoka, nina hasira, naota ndoto za kutisha. Nipunguzeje?

Hali hiyo huanza kulegea baada ya siku chache, wengine hufika wiki mbili. Kama ni bunda mbili kila siku, wiki ya kwanza iwe moja na nusu, ya pili moja, ya tatu nusu, kisha ruka siku. Gawa nyumbani, nyingine isiwe mfukoni, maana kijiweni hakuna anayebakiza. Nenda umeshiba na uchelewe kufika. Kosa ninaloliona sana ni kutafuta usingizi kwa valiamu au konyagi: mirungi inapungua, kumbe unaanza kitu kingine. Ukikosa raha ya kila kitu zaidi ya wiki mbili, au ukianza kusikia sauti, njoo tuonane.