PDF ya safu mbili inaposomwa kwa sauti

"Nikisikiliza noti za Fort Jesus kwenye simu, sauti yarukaruka katikati ya sentensi. Simu imeharibika?"

Dadangu, simu yako ni nzima. PDF huhifadhi herufi na mahali pa kila herufi kwenye ukurasa. Mpangilio wa kusoma haumo mpaka mtengenezaji autie. Usipokuwemo, programu hukisia, na kwenye safu mbili hukosea sana.

Tuseme kushoto pameandikwa "Wareno walianza kujenga / ngome mwaka 1593", na kulia "Waomani waliizingira 1696 / wakaitwaa 1698". Sauti ikivuka ukurasa mzima kwa kila mstari, utasikia "Wareno walianza kujenga Waomani waliizingira 1696". Mwanafunzi asiyeona atafanya nini na maneno hayo? Laniuma sana.

Kujua, bonyeza neno mpaka lishikike, kisha buruta kidole kushuka safu ya kushoto. Rangi ikivamia safu ya kulia, tatizo ni hilo. Lisiposhikika neno lolote, huenda ukurasa ni picha tu.

Dawa yenyewe iko kwa mwalimu. Anapohifadhi PDF kutoka Word kwenye kompyuta ya Windows, afungue `Options`, aweke tiki kwenye `Document structure tags for accessibility`. Kwa sasa, mwombe faili la Word.