Wasifu wa afisa ustawi: mfute huyo binti kabla hujatuma

"Wakuu, nimeajiriwa na shirika hapa Newala, wanataka wasifu wangu wa maneno 120 kwenye tovuti yao. Niandike kwa 'mimi' au 'yeye'? Elimu nianzie wapi, kesi gani nitaje, mipaka ya kazi ina ulazima, na picha ipi inafaa? Rasimu yangu ina hii: 'Mwaka juzi nilimwokoa binti wa darasa la saba kata ya ......, ambaye babu yake alitaka kumwoza baada ya unyago. Leo anasoma bweni.' Jina lake sijalitaja."

Jina la kata nimelitoa mimi. Nenda kahariri posti yako sasa hivi, halafu rudi usome. Nasubiri.

Umerudi? Haya. Jina hujalitaja, lakini hapo halikuhitajika, maana umetaja vingine vyote. Hesabu na mimi. Kata ya vijijini huku ina shule za msingi chache, na wasichana wa darasa la saba katika kila shule wanahesabika. Toa wanaoishi na wazazi wao, ubaki na wanaolelewa na babu. Toa ambao hawakuchezwa mwaka huo. Waliobaki, angalia nani aliondoka kijijini akapelekwa bweni. Amebaki mmoja. Msomaji wa Dar au wa Ulaya hataona kitu, ila mwalimu wa darasa, mwenyekiti wa kitongoji, shangazi na kungwi hawatafika hata mwisho wa sentensi, watakuwa wameshamjua.

Ndiyo maana kuandika "jina si lake halisi" huku kwetu hakuna kinga yoyote. Kinachomtaja mtu ni vipande vikikutana: mahali, muda, umri au darasa, uhusiano wa ndugu, kilichotokea, na aliko sasa. Kimoja kimoja havina neno. Vitatu tu vikikaa pamoja katika kijiji ambacho watu wanajuana hadi baiskeli, umeshamtangaza. Wewe umeweka sita.

Na madhara hayaishii kwenye aibu. Tovuti inapigwa skrinishoti, inaingia kundi la wasap la ukoo, na swali la kwanza linakuwa "nani alipeleka habari ustawi?" Anaanza kutazamwa vibaya jirani, au mwalimu aliyepiga simu. Mwakani jirani huyo akisikia jingine atanyamaza, na wewe utakaa ofisini ukishangaa mbona taarifa hazifiki. Binti naye likizo ikifika anarudi kwenye boma lilelile, anakutana na babu yuleyule, ambaye sasa amesomeka mtandaoni kama mhalifu. Kama shauri liko mahakamani ndiyo balaa zaidi. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mahakama ya watoto husikiliza kwa faragha. Mlango mahakama imeufunga, wewe unaufungua kwa maneno 120.

Najua wapi umefundishwa hivi, maana ndiko wengi wetu tulikofundishwa. Kuna mwezeshaji wa semina, shati limepigwa pasi vizuri, projekta inawaka, anakwambia "wafadhili hawasomi vyeo, wanasoma watu, weka stori inayogusa". Kesho yake anapanda ndege, stori inabaki kijijini na mwenye stori. Nimekula chapati za semina hizo na posho nikasaini, kwa hiyo nawatukana nusu nusu. Wapo pia watu wa mawasiliano wanaotoa fomu ya ridhaa kana kwamba ni dawa ya kila kitu. Mama aliyekuja kuomba msaada wa matunzo ya mtoto akiletewa karatasi na mtu anayemsaidia, atasaini nini kama si ndiyo? Na mtoto akifika miaka 20 akataka ifutwe, mtaifuta kwenye simu za watu wangapi?

Kanuni ni moja: andika aina ya kazi, usiandike tukio. Wingi, bila mwaka, kwa ngazi ya wilaya au mkoa, kamwe si kata. "Nashughulikia mashauri ya matunzo ya watoto na migogoro ya ndoa" inatosha, kwa sababu mashauri hayo ni mengi na hakuna atakayejiona peke yake humo.

Ila hapo pana mtego ambao hata wazoefu wanaukanyaga. Aina nyingine ni adimu kiasi kwamba kuitaja tu ni kumtaja mtu. Kuasili mtoto kunapitia Mahakama Kuu, na kwa wilaya moja si jambo la kila wiki. Ukiandika "nimesimamia uasili Nanyumbu" watu wataangalia nyumba gani ilipata mtoto. Mtoto mwenye ualbino anaweza kuwa peke yake shuleni. Usafirishaji haramu wa watoto vilevile. Aina kama hizo zifiche ndani ya jina pana zaidi: kuasili na malezi ya kambo viandike "malezi mbadala", na hao wengine "ulinzi wa mtoto". Hupotezi sifa yoyote. Anayejua kazi ataelewa unaweza nini.

Na usije ukafanya ujanja wa kumpa mtendaji wa kata asome rasimu ili uone kama atamtambua. Akimtambua umeshavujisha. Mpe afisa mwenzako wa wilaya nyingine, mwambie ajaribu kubahatisha kila sentensi inamhusu nani. Akiuliza "huyu ni wa wapi?" futa sentensi hiyo.

Mipaka ya kazi, ndiyo, ina ulazima, na isiwe ya mapambo. Ukurasa ukishakuwa na jina lako, watu wataanza kukutumia picha za watoto waliopigwa, majina kamili, saa sita usiku. Waambie mapema. Kitu kama hiki:

"Mimi ni afisa ustawi wa jamii mwenye shahada ya ustawi wa jamii (taja chuo na mwaka). Nafanya kazi mkoani Mtwara katika ulinzi wa mtoto, matunzo, malezi mbadala na usuluhishi wa migogoro ya familia. Sitoi matibabu ya afya ya akili wala uwakilishi wa kisheria. Wenye uhitaji huo nawaelekeza kwa wahusika. Ninayoambiwa ni siri, isipokuwa pale usalama wa mtoto au wa mtu mwingine uko hatarini, ambapo nina wajibu wa kutoa taarifa. Sipokei mashauri kwa mitandao ya kijamii. Kwa dharura ya mtoto piga 116 bila malipo, au fika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu."

Sentensi ya siri usiikate hata wakisema maneno yamezidi. Ukiandika "siri zako ziko salama" ukakomea hapo, umeahidi usichoweza kutimiza, na atakayekushika uongo ni mtoto aliyekuamini. Kama nafasi haitoshi, kata mwaka wa kuhitimu.

Na hapo kwenye picha, wakikuletea ile ya watoto wamegeuza mgongo, angalia sweta. Rangi ya sweta ni jina la shule.