Kumfundisha mtoto rangi: bluu weka tone tu

Mwanangu alipofika miaka mitatu na nusu kila kitu kwake kilikuwa bluu. Ndizi bluu, gari la taka bluu, hadi kuku wa jirani bluu, nikaanza kuogopa labda macho yana shida. Siku moja nikammwagia vifuniko vya chupa sakafuni nikamwambia weka vinavyofanana pamoja, akavipanga vyote bila kukosea hata kimoja. Kumbe rangi anaziona fresh tu, majina ndo hayajaingia. Kwa hiyo kabla hujampeleka mtoto popote jaribu hiyo kwanza, kupanga na kutaja ni vitu viwili tofauti.

Halafu nikagundua na sisi Kiswahili chetu kinamchanganya. Nyekundu, nyeusi na nyeupe zinabadilika kila ukigeuka: gari jekundu, kiatu chekundu, miswaki myekundu, sasa mtoto atajuaje ni kitu kilekile? Wiki za mwanzo nilikuwa nasema "rangi nyekundu" tu, jekundu na chekundu zikaja baadaye zenyewe. Zilizobaki ni rahisi maana nyingi zina kitu chake ndani ya jina, machungwa, kahawia ya kahawa, kijivu cha jivu. Zambarau nilisubiri msimu nikanunua za kula, akala mpaka ulimi ukawa rangi hiyo, nikampa kioo ajiangalie, hilo jina halijampotea mpaka leo.

Rangi za kuchezea natengeneza mwenyewe. Mwanzo nilitumia unga wa ngano na maji, kosa kubwa, kwa sababu unga unabaki mweupe mweupe kwa hiyo nyekundu inatoka pinki, mimi nasema nyekundu yeye ananibishia pinki, na yeye ndo alikuwa sahihi 😂 Sasa napika kona flawa: nusu kikombe na vikombe viwili vya maji, unakoroga kwanza ikiwa ya baridi isishike mabonge, kisha moto mdogo huku mwiko haupumziki mpaka iwe kama uji mzito na ule weupe wa maziwa upungue ianze kung'aa. Huo mng'ao ndo unaoutaka, rangi inapita vizuri. Gawa vikopo vitatu. Nyekundu na bluu natia rangi ya chakula ikipoa, ya manjano nachota uji ukiwa bado moto nachanganya na kijiko cha chai cha binzari ya manjano, tena jina linakuwa limejifundisha lenyewe.

Kwenye kuchanganya ndo wengi tunaharibu. Mara ya kwanza nilimpa vijiko viwili vya manjano na viwili vya bluu nikasema angalia tunapata kijani, kikatoka kitu cheusi cheusi, akasema "bluu", na mimi nikabaki nimetoa macho. Bluu inameza manjano. Siku hizi naweka vijiko vinne vya manjano, nampa kijiti cha pamba ya masikio achovye kwenye bluu tone moja tu akoroge, inatoka kijani kama jani changa la mgomba. Tone la pili inakolea, la tatu ni mchicha kabisa. Hapo anaona kijani kinazaliwa pole pole mkononi mwake, na kila tone namuuliza bado ni manjano au imeshakuwa nyingine? Akibisha muache abishe.

Zambarau inagoma sana, nyekundu na bluu zinakupa tope. Shida inakuwa kwenye nyekundu yenyewe, kuna zile zina umanjano ndani, na rangi tatu zikikutana lazima kahawia. Ipime kabla: tone moja kwenye sahani nyeupe, ongeza maji, ikielekea pinki itakupa zambarau, ikielekea chungwa usijisumbue, ichanganye na manjano upate machungwa basi. Na siku moja rangi mbili tu mezani, ya tatu ifiche kabisa.

Haikai sana, kwa joto la Dar kesho yake inaanza kuchacha, kwenye friji siku mbili tatu, ikinuka kama uji uliolala mwaga. Mvalishe nguo ya kushindia maana rangi ya chakula haisamehe.

Binzari nayo ina vituko vyake. Siku moja nikafikicha doa la manjano kwenye fulana yake kwa kipande cha sabuni, doa likageuka jekundu palepale, nikajua nimeharibu fulana kumbe binzari ikikutana na sabuni ndo inavyofanya, nikakamulia limao ikarudi manjano. Lililobaki nilianika juani likafifia lenyewe. Mwanangu sasa hivi akiniona na beseni anakuja mbio na fulana safi aliyoipaka binzari makusudi, anataka nimgeuzie.