Kuiambia seva ijibu kwa Kiswahili cha Tanzania

Swali: Habari za kazi, kaka. Tuna programu ya simu ya kukata tiketi za mabasi, ofisi yetu iko Sinza. Ujumbe wa majibu ("malipo yamepokelewa", "kiti kimeshachukuliwa") unatoka kwenye seva ya mshirika wetu ambaye anahudumia pia wateja wa Nairobi. Simu za wateja wetu zimewekwa Kiswahili cha Tanzania na tunatuma `sw-TZ`, lakini wanajibiwa Kiingereza. Siku nyingine linatoka jibu la Kikenya, "weka nambari yako ya rununu", na watu wanatupigia kuuliza. Tuiambieje seva kwamba tunataka Kiswahili cha huku kwetu?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Hapo una matatizo mawili yaliyovaa nguo moja, na kila moja lina dawa yake. Tuanze na la Kiingereza.

Kwa dalili ulizotoa, seva ya mshirika ina mafaili mawili tu ya lugha: `sw-KE` na `en`. Programu yenu inatuma heda hii:

```
Accept-Language: sw-TZ
```

Seva nyingi zikipokea ombi la namna hiyo hutafuta kwanza `sw-TZ` kamili. Zikikosa, hukata kipande cha mwisho na kutafuta `sw` tupu. Zikikosa tena, hurudi kwenye lugha ya akiba, ambayo kwa kawaida ni Kiingereza. Umeona kilichotokea? Faili la `sw-KE` lipo palepale, limejaa Kiswahili, na hakuna aliyelifungua, kwa sababu kukata mkia kunampandisha mtu kwa mzazi na hakumpeleki kwa ndugu. Seva haijakosea kitu. Utaratibu huo umeandikwa hivyo kwenye RFC 4647 ya mwaka 2006.

Waraka huohuo una utaratibu wa pili, ambao ukitaja `sw` unachukua chochote kinachoanza na `sw-`, iwe cha Kenya, Uganda au Kongo. Kwa hiyo heda ileile ya `sw` inaweza kuleta Kiingereza kwenye seva moja na Kiswahili cha Kenya kwenye nyingine. Simu zenyewe zina utaratibu wao: Android kuanzia toleo la 7.0, ikikosa `sw-TZ` na `sw`, hutafuta hata kwa ndugu. Ndiyo maana mtu anaweza kuona vitufe vya programu viko kwa Kiswahili huku ujumbe wa seva uko kwa Kiingereza, akadhani simu ina wazimu.

Kwa kuwa hujui seva inafuata utaratibu upi, andika heda inayotoa jibu lilelile kwa vyovyote vile. Taja kila unachokubali, kwa mpangilio wa upendeleo wako:

```
Accept-Language: sw-TZ, sw;q=0.9, sw-KE;q=0.8, en;q=0.3
```

Hiyo `q` ni uzito, kati ya 0 na 1, na usipoiandika huhesabiwa 1. Hapo umesema: nipe cha Tanzania, kama hakuna, nipe Kiswahili chochote kilichoandikwa bila nchi, kama hakuna, hata cha Kenya nitakisoma, Kiingereza kiwe cha mwisho kabisa. Kwenye seva yenye `sw-KE` na `en` peke yake, njia zote mbili sasa zitaishia `sw-KE`. Si ulichokitaka hasa, lakini abiria aliyesimama stendi ya Mbezi ataelewa kwamba kiti kimechukuliwa.

Angalia kistariki vizuri. Ni `sw-TZ`, si `sw_TZ`. Hiyo ya mstari wa chini ni ya mifumo ya Linux, na seva nyingine zikiiona kwenye heda huitupa kimyakimya. Na asije kijana akaandika `ki` akidhani ni kifupi cha Kiswahili: hiyo ni Kikuyu.

Sasa lile la "siku nyingine". Ukirudi kwenye maelezo ya juu, utaona kwamba kwa `sw-TZ` peke yake seva hiyo haikupaswa kutoa jibu la Kikenya hata mara moja, kama inafuata utaratibu wa kukata mkia. Ikiwa leo inatoa Kiingereza na kesho Kikenya kwa ombi lilelile, mimi namshuku kache aliye katikati. Mteja wa Nairobi anaomba ukurasa kwa `sw-KE`, kache inahifadhi jibu, kisha mteja wako wa Dar anaomba anwani ileile na kupewa jibu la mwenzake. Nina hakika na wa Nairobi nao huwaangukia Kiingereza chenu, ila wao hawakupigii wewe.

Pima hivi, ukiweka anwani yenu halisi mahali pa hii ya mfano:

```
curl -s -D - -o /dev/null -H "Accept-Language: sw-KE" https://example.com/ujumbe
curl -s -D - -o /dev/null -H "Accept-Language: sw-TZ" https://example.com/ujumbe
```

Ziendeshe moja baada ya nyingine na usome heda za majibu. `Content-Language` inakuambia seva inadai imejibu kwa lugha gani. Kama jibu la pili nalo linasema `sw-KE`, na lina `Age` yenye namba inayopanda kila ukirudia, basi limetoka kache. Kama `Content-Language` haipo kabisa, ondoa `-o /dev/null` usome maandishi yenyewe kwa macho.

Dawa ya hapo haiko kwenu, iko kwa mshirika. Seva yake lazima itoe heda hii pamoja na kila jibu linalobadilika kwa lugha:

```
Vary: Accept-Language
```

Ndiyo inayoiambia kache itunze nakala kwa kila lugha iliyoombwa, badala ya nakala moja ya wote. Mkizungumza naye, mwombeni na faili la `sw-TZ`. Mjitolee kumwandikia nyinyi. Ujumbe wa tiketi si mwingi, na mtu wa Sinza ndiye anayejua abiria wake wanasema simu ya mkononi. Ila akubali kuliita `sw-TZ`, na lile la zamani libaki `sw-KE`. Nimeona sehemu nyingi faili la Nairobi limepewa jina `sw` tupu, na hapo hakuna heda itakayokusaidia: umeomba `sw-TZ`, mkia ukakatwa, ukapewa Kikenya kihalali.

Jambo moja kuhusu mipaka ya alama hizi. `TZ` ni nchi, si lahaja. Haitofautishi Kiunguja na Kipemba wala Kimtang'ata. Mkija kutaka maandishi ya Kipemba mnaweza kukubaliana na mshirika kutumia `sw-x-kipemba`. Kila kinachofuata `x` ni makubaliano ya watu binafsi, kisizidi herufi nane kila kipande, na seva nyingine yoyote haitakielewa.

Mwisho, wekeni chaguo la lugha ndani ya programu, na chaguo hilo lishinde mpangilio wa simu. Watu wengi hapa Dar simu zao ziko kwa Kiingereza tangu zitoke dukani Kariakoo, kwa hiyo zinaomba `en` bila mwenyewe kuamua chochote. Na msibahatishe kwa kuangalia mtu yuko wapi: Mkenya aliyefikia Posta kwa kazi bado anataka ujumbe wake kwa `sw-KE`.