Kwa mliojiunga karibuni na dawati la malalamiko: mwandikieni mlalamikaji

Juma hili nimepitia majalada ya wenzetu wapya, na kazi nyingi nimeipenda. Maelezo yamechukuliwa vizuri, vielelezo vina namba, hadidu za rejea zinaeleweka. Halafu nafungua sehemu ya mawasiliano na mlalamikaji, nakuta ujumbe mmoja tu: "Malalamiko yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Utajulishwa." Naangalia tarehe, miezi miwili imepita. Jamani!

Nazungumzia uchunguzi wa ndani wa kazini, hasa ule wa unyanyasaji, unaoanza kwa matumaini ya wiki chache na kuishia kula miezi. Kuchelewa kwenyewe mara nyingi hakuepukiki. Shahidi yuko likizo, kumbukumbu za kompyuta zinasubiri watu wa tehama, rasimu ya ripoti iko kwa mwanasheria. Ninayoyaandika hapa ni jinsi ya kumtunza mtu aliyelalamika wakati hayo yote yanaendelea, kwa sababu naona makosa yaleyale yaliyokuwepo nilipoanza kazi hii.

1. Andika hata kama hakuna jipya

Kuna jalada nililokabidhiwa katikati, baada ya mchunguzi wa kwanza kuhamishwa. Mlalamikaji alikuwa karani wa ghala. Alidai kwamba msimamizi wa zamu alimshika bila ridhaa yake na alikuwa akimtumia ujumbe usiku. Mwanzo ulikuwa mzuri: alihojiwa mapema, na kwa kuwa wawili hao walikuwa zamu moja, alipewa likizo yenye malipo siku hiyohiyo. Akaambiwa uchunguzi utachukua wiki sita.

Kisha mambo yakakwama. Aliyeshuhudia tukio la kushikwa alikuwa likizo ya uzazi. Ujumbe ulikuwa umefutwa kwenye simu ya kazi ya msimamizi, ikabidi watu wa tehama wautafute kwenye nakala zilizohifadhiwa. Kwa mchunguzi hizo zilikuwa wiki za kukimbizana: barua, vibali, simu, vikao. Wiki ya sita ikafika na kupita, na hakuna aliyemwandikia mlalamikaji. Kwa mtu aliyekaa nyumbani anaangalia simu, wiki hizohizo hazikuwa na kitu.

Wiki ya saba alipiga simu ofisini, akaambiwa mchunguzi yuko safarini. Wiki ya nane mshahara ukaingia bila posho ya zamu. Hakuna aliyekusudia kumwadhibu. Mfumo wa mishahara ulikuwa unahesabu posho kwa zamu alizofanya mtu, na hakuna aliyewaambia watu wa mishahara kwamba likizo hii ni ya aina nyingine. Yeye aliona pesa imepungua baada ya kumlalamikia bosi, na tafsiri aliyoipata ni ile ambayo yeyote angeipata. Wiki ya tisa mwenzake wa ghalani akamwambia kesi imefungwa, kwa kuwa msimamizi ameonekana akicheka na meneja.

Hapo akampigia simu yule shahidi aliyekuwa likizo ya uzazi, amuulize kama ameshahojiwa. Wakaongea kirefu.

Nilipomhoji shahidi huyo, nilisikia tatizo ndani ya dakika chache. Aliyoyaona kwa macho yake yalikuwa yamechanganyika na aliyoyasikia kwenye simu. Tarehe alizotaja ndizo alizotaja mlalamikaji, kwa maneno yaleyale, hata pale ambapo daftari la zamu lilionyesha siku nyingine. Mwakilishi wa mlalamikiwa alilisema hilo waziwazi, na alikuwa na haki ya kulisema. Uzito wa ushahidi huo ukaanguka.

Wiki ya kumi ikaja barua ya mistari miwili: anaondoa malalamiko. Mtangulizi wangu alikuwa ameandika pembeni yake, "Mlalamikaji hana uhakika." Mimi nilimpigia. Nilimuuliza jambo moja tu, kwa nini sasa. Akajibu, "Nilidhani mmeshaamua na mnaona aibu kuniambia."

Tukaendelea. Ujumbe wa usiku ulipatikana, na hilo likathibitika. La kushikwa halikuthibitika, kwa kuwa aliyeliona alikuwa mmoja tu na maelezo yake yalikuwa yameshaharibika. Siamini hata kidogo kwamba mlalamikaji ndiye aliyeyaharibu. Mtu asiyepewa habari na anayepaswa kumpa atazitafuta kwingine, na kwingine kwenyewe huwa ni kwa mashahidi wako. Kwa hiyo mtu akikuambia taarifa za maendeleo ni mambo ya huruma tu, mweleze kwamba zinalinda ushahidi pia.

Taarifa inayofaa ni fupi, na hii ndiyo namna ninayowafundisha:

"Habari za leo. Tangu nilipokuandikia Jumanne iliyopita tumeendelea na mahojiano. Kinachochelewesha sasa ni kumbukumbu za kielektroniki, ambazo bado tunazisubiri. Likizo yako imeongezwa hadi tarehe 30, na mshahara na posho zako hazibadiliki. Nitakuandikia tena Jumanne ijayo, hata kama kumbukumbu hazijafika."

Angalia yaliyomo. Kuna hatua tuliyofikia, kuna sababu ya kuchelewa, kuna hali ya ulinzi wake, na kuna siku ya kusikia tena. Hakuna jina la shahidi, hakuna aliyesema nini, na hakuna maoni yangu kuhusu nani mkweli. Usiahidi siku ya kumaliza, kwa sababu huimiliki. Ahidi siku ya kuandika, ambayo iko mikononi mwako. Na mlalamikiwa naye apate taarifa ya hatua kwa utaratibu huohuo, maana naye anasubiri, na usawa huo ndio utakaokuokoa ukiulizwa ulikuwa upande wa nani.

Ikiwezekana anayeandika asiwe mchunguzi. Awepo mtu wa mawasiliano anayejua ratiba lakini hajui ushahidi. Mlalamikaji atamweleza hofu zake bila kuhisi anahojiwa, na mchunguzi hatabeba kazi mbili zinazovutana.

2. Likizo inaweza kugeuka adhabu

Vijana wengi mnaanza kwa kumwondoa mlalamikaji kazini kwa sababu ndiyo njia rahisi. Muulize kwanza. Wapo wanaoihitaji kweli, hawalali na hawawezi kupita mlango ule. Wapo ambao kazi ndiyo inayowashikilia, na ukiwapeleka nyumbani unawatenga na marafiki huku mlalamikiwa amebaki mezani kwake akisimulia hadithi yake. Kwa hao angalia kwanza kama mlalamikiwa ndiye anaweza kubadilishiwa zamu au jengo, kwa muda, bila kuhesabiwa kuwa amehukumiwa.

Akichagua likizo, ipe tarehe ya mwisho na siku ya kuipitia upya naye. Likizo "hadi utakapoitwa" inamfanya mtu ajione amesahaulika. Iandikwe kwa maandishi kwamba haikatwi kwenye likizo yake ya mwaka wala ya ugonjwa. Kisha nenda mwenyewe kwa watu wa mishahara, bila kutaja kisa, uhakikishe posho, makato na michango ya pensheni vitakaa kama alivyokuwa kazini. Usitume barua ukadhani imesomwa. Subiri uone karatasi ya mshahara wa mwezi wa kwanza. Tathmini ya utendaji nayo isimhesabie miezi hiyo kuwa pungufu, na nafasi za mafunzo au kupandishwa daraja zitangazwe kwake kama kwa wengine.

Kubaliana naye pia kuhusu sentensi moja ambayo wenzake wataambiwa. Nimeona mtu akirudi kazini akakuta idara nzima inaamini alikuwa amelazwa.

Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019, katika kifungu cha 10, unataka walalamikaji na mashahidi walindwe dhidi ya kulipiziwa kisasi na walalamikaji wapewe msaada wa kisheria, kijamii, kitabibu na kiutawala. Posho iliyopotea kwa uzembe wa mfumo itaonekana kama kisasi mbele ya yeyote atakayelikagua jalada lako, na kueleza kwamba hukukusudia hakutarudisha imani ya mtu.

3. Unasihi una hesabu yake

Kutoa namba ya simu ya mnasihi siku ya kwanza na kuweka alama kwenye fomu ni kazi nusu. Mipango mingi ya msaada kwa wafanyakazi hulipia vikao vichache tu. Mlalamikaji akianza mara moja, akaenda kila wiki, vikao vinaisha kabla uchunguzi haujafika katikati. Sehemu ngumu zaidi zinakuja baadaye: kusoma maelezo yake yaliyochapwa kabla ya kutia sahihi, kuulizwa maswali yanayotokana na majibu ya mlalamikiwa, na kusikia uamuzi. Mara mbili hivi nimeona watu wakifika kwenye hatua hizo hawana pa kwenda.

Kwa hiyo mwanzoni kabisa mweleze hatua zilizo mbele, ili yeye na mnasihi wapange wenyewe vikao vyao. Wewe nenda ukaombe nyongeza kwa anayeidhinisha malipo kabla ya kikao cha mwisho, maana idhini nayo huchukua muda.

Msimwambie mtu asubiri unasihi hadi atoe maelezo eti atachafua ushahidi. Mnasihi anashughulika na hofu, usingizi na aibu, na hahitaji kufanya mazoezi ya majibu ya mahojiano. Anayeweza kungoja miezi bila msaada ni wachache. Na msiombe kumbukumbu za mnasihi, wala msimuulize "anaendeleaje". Mlalamikaji aambiwe hivyo waziwazi, pamoja na mpaka wa usiri huo: mnasihi anaweza kulazimika kusema pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Akikataa unasihi, msiandike popote kwamba huenda hakuumia. Muulize tena ukifika kwenye hatua ngumu.

4. Dalili za kuangalia

Barua pepe ndefu zinazotumwa saa nane usiku. Ukimya wa ghafla kutoka kwa mtu aliyekuwa anajibu haraka. Ombi la kuhama ambalo halikuwepo mwanzoni. Kuulizia maelezo yake mwenyewe tena na tena. Ukiona lolote kati ya hayo, piga simu siku hiyo, uulize kuhusu likizo, mshahara, na kama kuna aliyemfuata kumsemesha. Barua ya kuondoa malalamiko nayo ishughulikieni hivyo kabla ya kuifunga kwenye jalada.

5. Siku ya uamuzi na baada yake

Msimpe uamuzi Ijumaa jioni, kwa sababu atakaa siku mbili na maswali huku ofisi na mnasihi wamefunga. Mpe mapema siku ya kazi, akiwa na mtu anayemwamini, na umweleze kwa maandishi kilichothibitika, ambacho hakikuthibitika na kwa nini, na mwisho wa muda wa kukata rufaa. Mweleze kwamba "haikuthibitika" haina maana kwamba amepatikana mwongo. Yule karani nililazimika kumrudia na maelezo hayo mara ya pili, maana mara ya kwanza hakuweza kuyasikia.

Kisha weka kwenye kalenda yako mazungumzo ya mwezi mmoja na ya miezi mitatu baada ya uamuzi, uangalie zamu anazopangiwa, tathmini yake, na nani ameacha kumsalimia. Majalada mengi niliyopitia juma hili hayana tarehe hizo. Ziandikeni kabla ya kulifunga jalada.